Maji ya modeli yanaponata ukutani: namba ya Weber, matone na michirizi myembamba

"Shikamoo mtaalamu. Kwa ajili ya tasnifu yangu nimejenga modeli ya 1:40 ya utoro wa bwawa dogo, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi. Ukuta halisi una mita 10, na maji hupita juu ya kizingiti kwa kina cha sentimita 80 wakati wa mafuriko, sentimita 20 siku za kawaida. Kanuni ya Froude nimeifuata vizuri. Mafuriko yanapendeza, ila maji yakiwa machache yananata ukutani na kushuka nao hadi chini. Bomba lililo chini kidogo ya kizingiti (halisi sentimita 12, kwangu milimita 3) linatoa mchirizi unaokatika kuwa shanga. Msimamizi anasema ni mvutano wa uso, nitie sabuni ya kuoshea vyombo. Mwenzangu anasema namba ya Weber haihusu mabwawa. Nani yuko sahihi? Na je, naweza kuandika manyunyu yatafika umbali gani?"

Marahaba. Msimamizi wako ametaja ugonjwa wenyewe, ila dawa aliyokupa haiuponyi. Mwenzako naye anasema kweli kuhusu bwawa na anakosea kuhusu modeli, na hapo ndipo wengi hujikwaa: tunazoea kuuliza kama mvutano wa uso una nguvu kwenye ujenzi halisi, tukipata jibu kwamba hauna, tunauacha nje ya hesabu moja kwa moja. Kumbe unaingia pale pale tunapoanza kupunguza vipimo.

Tuanze na kilichotokea ulipofuata kanuni ya Froude. Uligawanya urefu wote kwa 40, na kasi ukaigawanya kwa mzizi wa 40, yaani 6.3. Ukifanya hivyo, uzito wa maji na msukumo wa mwendo wake hubaki katika uwiano ule ule wa bwawani, ndiyo maana mawimbi na umbo la maji ya mafuriko yanaonekana kama yalivyo huko. Uso wa maji haukupunguzwa chochote. Maji ya bombani kwako na maji ya bwawani yana mvutano ule ule, karibu nyutoni 0.072 kwa mita kwenye joto la 25°C. Umepunguza kila kitu ukaacha ngozi ya maji na ukakamavu wake wote.

Namba ya Weber, iliyopewa jina la Moritz Weber aliyekuwa profesa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, inapima jambo hilo:

```
We = ρ V² L / σ
```

ρ ni densiti ya maji, V ni kasi, L ni urefu unaouchagua, na σ ni mvutano wa uso. Juu pana msukumo wa maji yanayokwenda, chini pana ukaidi wa ngozi yake. Namba ikiwa kubwa, maji yanakwenda yanakotaka na ngozi inafuata. Ikiwa ndogo, ngozi ndiyo inayoamua umbo. Sasa angalia modeli ya Froude inavyoitendea: V² imegawanywa kwa 40, L imegawanywa kwa 40, σ haikuguswa. Namba ya Weber ya modeli yako ni ya bwawa ikigawanywa kwa 1600. Si kosa ulilofanya mahali fulani. Mtu yeyote atakayetumia maji ndani ya modeli ya maji, kwa kanuni hiyo, atapoteza kiasi hicho hicho.

Kwa hiyo huwezi kuzifanya namba zote mbili, ya Froude na ya Weber, ziwe sawa na za bwawani kwa maji yale yale. Swali linabaki moja: je, namba ya Weber ya modeli, hata baada ya kushuka mara 1600, bado ni kubwa kiasi kwamba ngozi haina sauti?

Kuna kijiti cha kupimia ambacho ningependa ukizoee kabla ya kushika kikokotoo. Chukua σ, gawanya kwa densiti na kwa mvuto wa dunia, kisha tafuta mzizi wake. Kwa maji unapata milimita 2.7. Huo ndio urefu ambao uzito wa maji na mvutano wa uso huwa na nguvu sawa, na ndiyo sababu tone la maji juu ya meza iliyopakwa nta huwa na kimo cha milimita chache tu na halipandi zaidi. Maji yanayopita juu ya kizingiti hupata kasi yake kutokana na kina chake mwenyewe, hivyo ukiandika V² kuwa 2gh, g ikiwa mvuto wa dunia na h kina hicho, na L kuwa h, fomula yote inakuwa:

```
We = 2 × (h / 2.7 mm)²
```

Chukua rula, pima kina cha maji juu ya kizingiti cha modeli, ujiulize ni mara ngapi ya milimita 2.7.

Mafuriko yako ya sentimita 80 yamekuwa sentimita 2 kwenye modeli. Hiyo ni mara 7 na kidogo ya kijiti chetu, na We ni karibu 110. Siku za kawaida, sentimita 20 zimekuwa milimita 5. Haifiki hata mara mbili ya kijiti, na We ni karibu 7. Bwawani, kina hicho hicho cha sentimita 20 kina We ya karibu 11,000. Unaona kwamba kwa mafuriko unatazama maji, na kwa siku za kawaida unatazama ngozi.

Waliofanya kazi hizi kwa muda mrefu hupenda kina kisichopungua sentimita 3 hivi juu ya kizingiti chenye ukingo mkali, ambapo We hufika karibu 250. Mpaka huo si ukuta; ni mahali ambapo kosa linaanza kuwa dogo kiasi cha kuvumilika. Na hapa lazima nikuharibie raha kidogo, kwa sababu hata mafuriko yako yanayopendeza yako chini ya mpaka. Katika hesabu za mtiririko juu ya kizingiti chembamba, kuna masahihisho yanayojulikana: kwenye kina kilichopimwa huongezwa karibu milimita 1 ili kufidia mnato na mvutano wa uso kwa pamoja. Kwenye sentimita 80 milimita hiyo haionekani. Kwenye sentimita 2 inabadilisha mtiririko kwa asilimia 7 hivi. Ukichukua mgawo wa mtiririko uliopimwa kwenye modeli na kuupeleka bwawani bila kusahihisha, kosa hilo linasafiri nao, na macho hayatakuambia kitu kwa sababu umbo la maji litakuwa zuri tu.

Sasa hilo pazia la maji linalonata ukutani. Umewahi kumimina chai kwenye birika polepole? Ukiinamisha birika kwa nguvu, chai inaruka safi hadi kikombeni. Ukiwa mwoga, inajikunja chini ya mdomo wa birika, inatambaa shingoni na kulowesha kitambaa cha meza. Ni kitu kile kile kinachotokea kwenye modeli yako. Maji yakifika ukingoni yana mambo mawili ya kuchagua: kuendelea mbele kwa msukumo wake, au kugeuka na kufuata sehemu ambayo tayari yameilowesha. Msukumo ukiwa mdogo mbele ya mvutano, yanageuka. Bwawani, kwa kina cha sentimita 20, maji yanatoka ukingoni kwa zaidi ya mita 1 kwa sekunde na kutua karibu mita 2 mbali na ukuta. Kwenye modeli yako yametua kwenye unyayo wa ukuta. Mtu akisoma ripoti hiyo na kuweka mawe ya kinga kwenye unyayo, maji ya kweli yatayaruka mawe yote na kuchimba udongo mtupu.

Nayasema haya kwa uchungu. Katika kazi moja ya zamani nilikubali kuchora mahali pa kutua maji kutokana na modeli yenye kina cha milimita 6. Msimu wa kwanza wa mvua shimo lilichimbika nje ya sakafu ya mawe tuliyoipendekeza, si ndani yake. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimeona maji yakitambaa ukutani na nikajiambia ndivyo yalivyo.

Lakini usiharakishe kuulaumu mvutano wa uso peke yake. Pazia linalotanda kutoka ukuta mmoja wa mfereji hadi mwingine hufungia hewa nyuma yake. Maji yanayoanguka huichukua hewa hiyo kidogo kidogo, shinikizo nyuma ya pazia linashuka, na pazia linavutwa ukutani. Hilo hutokea hata kwenye utoro mkubwa na linatibiwa kwa matundu ya hewa. Kutofautisha mambo haya mawili ni rahisi. Chukua mrija wa soda, uingize nyuma ya pazia kutoka pembeni hadi hewa ipite. Pazia likiruka mbele na kubaki huko, tatizo lilikuwa hewa. Likiachia kisha likarudi kunata wakati mrija bado upo, au lisipoachia kabisa, ni kulowana na mvutano.

Jaribio la pili ni la uvumilivu. Ongeza mtiririko taratibu mpaka pazia liachane na ukuta, andika kina. Kisha punguza taratibu mpaka linate tena, andika kina. Ukikuta vina viwili vinavyotofautiana sana, kwa mfano linaachia kwenye milimita 11 na kunata kwenye milimita 7, una dalili nzuri ya kulowana, kwa sababu ukuta uliokwisha kulowa hushikilia maji kwa nguvu kuliko ukuta mkavu. Halafu sugua nta ya mshumaa chini ya ukingo, mahali maji yanapogeukia, na urudie. Vina hivyo vikishuka, huna haja ya ushahidi mwingine: saruji ya bwawani haijali kama imepakwa nta au la, kwa hiyo matokeo yanayobadilika kwa sababu ya nta si matokeo ya bwawa.

Tuje kwenye bomba lako, maana hapo kuna jambo ambalo kijiti cha milimita 2.7 peke yake hakilioneshi vizuri. Mchirizi wa maji wa mviringo hautulii. Joseph Plateau, Mbelgiji, aliona kwamba mchirizi unapata uso mdogo zaidi ukijikata kuwa matone, na Lord Rayleigh akakokotoa mwishoni mwa miaka ya 1870 ni mawimbi gani yanayokua haraka kuliko mengine: yale yenye urefu wa karibu mara 4.5 ya kipenyo. Ndiyo maana shanga zako zinatoka kwa nafasi zinazokaribiana, na kila moja ina kipenyo cha karibu mara 1.9 ya mchirizi. Kwa milimita 3, utapima shanga za milimita 5 na nusu hadi 6. Piga picha ya simu yenye mwanga mkali nyuma ya mchirizi, uweke rula kando yake, uone.

Kinachoamua ni muda. Mikunjo midogo kwenye mchirizi wa milimita 3 inakua mara 2.7 kila baada ya milisekunde 20. Kwa mtikisiko mdogo wa kawaida unaotoka bombani, inahitaji kama vipindi 12 vya namna hiyo kabla mchirizi haujakatika, yaani karibu robo ya sekunde. Maji yako yanachukua sekunde 0.23 kuanguka urefu wote wa modeli. Muda wa kukatika na muda wa kuanguka umelingana, na ndiyo sababu unaona shanga karibu na mahali pa kutua. Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa bomba la sentimita 12: kila kipindi ni sekunde 5, na vipindi 12 ni dakika nzima. Maji yanaanguka mita 10 ndani ya sekunde 1.4. Mvutano wa uso haupati hata nafasi ya kuanza kazi. Mchirizi wa kweli unachakaa kwa msukosuko wa ndani na kwa hewa inayouparua pembeni, unakuwa mweupe wenye nywele nywele, wala hautakuwa shanga.

Kwa hiyo usipime chochote kwenye shanga hizo. Usipime nguvu zinazopiga sakafu, kwa sababu shanga hupiga kwa vishindo vilivyotengana wakati mchirizi halisi husukuma kwa mfululizo. Usipime upana wa eneo la kutua. Ukitaka tu kujua wastani wa mahali pa kutua, hilo linaweza kukaribia ukweli, kwa sababu kila shanga hufuata njia ile ile ya kuanguka ambayo mchirizi ungeifuata.

Manyunyu sasa. Hapa jibu ni hapana, na ningependa ulielewe kwa undani kwa sababu wapo watu watakaokubana uwape namba.

Tone likisafiri hewani, hewa inajaribu kulipasua na mvutano unalishikilia. Tunatumia namba ya Weber ile ile, ila densiti ni ya hewa, karibu kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, na L ni kipenyo cha tone. Tone la maji huanza kupasuka namba hiyo ikifika karibu 12. Chini ya utoro wako wa kweli, maji ya mafuriko yanafika kwa kasi ya mita 14.6 kwa sekunde. Weka kasi hiyo, utapata kwamba tone lolote lenye kipenyo cha zaidi ya milimita 3.4 hivi linaweza kupasuliwa na hewa. Hivyo manyunyu ya bwawani yatakuwa matone madogo yanayobebwa na upepo.

Kwenye modeli kasi ni mita 2.3 kwa sekunde. Weka hiyo. Kipenyo kinachoweza kupasuliwa kinatoka milimita 136. Soma tena: hewa ya maabara yako haina uwezo wa kupasua hata tone lenye ukubwa wa tikiti dogo. Kila tone unaloliona kwenye modeli limetengenezwa kwa njia nyingine, kwa kuruka kutoka sakafuni au kukatika kwa ukingo wa pazia, na lina milimita 2, 3, 4. Ukilizidisha mara 40, unasema bwawani patakuwa na mabonge ya maji ya sentimita 12 yakiruka hewani. Watengeneza filamu wanaotumia meli za mfano wanalijua tatizo hili kwa macho: matone makubwa mno ndiyo yanayomfanya mtazamaji atambue kwamba meli ni ya kuchezea. Basi andika kwenye ripoti kwamba modeli haikujenga manyunyu na haiwezi kutumika kuyatabiri. Hiyo ni sentensi ya kitaalamu kabisa, na ni bora kuliko umbali wa mita 15 uliotoka hewani.

Turudi kwenye sabuni. Sabuni ya kuoshea vyombo inaweza kushusha mvutano hadi karibu 0.03. Namba ya Weber inapanda mara 2.4, na ulipoteza mara 1600. Kwa kipimo hicho ni kama umehama kutoka 1:40 hadi 1:26 hivi. Hata pombe kali ya maabara, yenye mvutano wa 0.022, inakupa mara 2.6 hivi tu, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, na inakuachia hatari ya moto. Tatizo la sabuni ni kubwa kuliko udogo wa faida yake: chembe za sabuni zinahitaji muda kufika kwenye uso mpya. Pazia linaloanguka linatanuka na kutengeneza uso mpya kila wakati, na maji yako yako hewani chini ya robo ya sekunde. Juu ya kizingiti utakuwa na mvutano mmoja, chini mwingine, na hujui hata mmoja kwa uhakika. Halafu povu. Mapovu ya hewa yanayovunjika haraka kwenye maji safi yatadumu kwenye maji ya sabuni, na bwawa dogo la chini ya utoro litajaa weupe ambao hauhusiani na kitu chochote halisi.

Hata hivyo usimpuuze msimamizi wako, kwa sababu sabuni ina matumizi mazuri: kupima kama mvutano una sauti. Fanya jaribio la mafuriko kwa maji safi, andika kina, mahali pa kutua na shinikizo sakafuni. Kisha tia sabuni kidogo sana na urudie. Kipimo ambacho hakikusogea hakitawaliwi na mvutano. Unaweza kukiamini kwa upande huo. Kilichosogea, kiweke alama nyekundu. Kisha mwaga maji yote na suuza tangi mara kadhaa, kwa sababu mabaki ya sabuni ukutani yataharibu kazi ya wiki zinazofuata. Kukagua kama maji yamesafika, huhitaji kifaa cha bei: chukua bomba la sindano lisilo na sindano, dondosha matone 100 polepole ya maji mapya kwenye mizani, kisha matone 100 ya maji ya tangi. Uzito wa tone hufuata mvutano wake. Ya tangi yakiwa mepesi kwa sehemu moja ya kumi, mvutano nao umepungua kwa karibu kiasi hicho, endelea kusuuza. Kwa kweli ningeshauri ufanye hivi hata kama hujawahi kutia sabuni. Mafuta ya pampu na jasho la mikono hufanya kazi ile ile kimyakimya.

Ufanye nini basi? Huhitaji kuitupa modeli yako. Kwa mtiririko wa mafuriko na umbo la jumla la maji yanayokuja kwenye kizingiti, 1:40 inatosha ukiongeza yale masahihisho ya milimita 1. Kwa yale yanayotokea baada ya maji kuachana na ukingo, jenga kipande. Usijenge utoro wote. Chukua sehemu ya upana wa mita 3.75 tu ya utoro halisi na uijenge kwa 1:15 ndani ya mfereji wa kioo au akriliki wenye upana wa sentimita 25. Mafuriko ya sentimita 80 yatakuwa kina cha milimita 53, mara 20 ya kijiti chetu, na We ya juu ya kizingiti itafika karibu 780. Anguko litakuwa sentimita 67. Maji utakayohitaji ni lita 5.5 kwa sekunde, ambazo pampu ndogo ya maabara inaweza kutoa.

Siku za kawaida, za sentimita 20, zitakuwa milimita 13 na We karibu 50. Bado si pazuri, nakuambia wazi, ila maji yataachana na ukuta ukiwa na ukingo mkali na tundu la hewa, na utaweza kuona mwelekeo. Usiandike namba ya mwisho kutokana na kina hicho. Njia ya kuaminika zaidi ni kupima vina vinne au vitano, kutoka sentimita 5.3 kushuka hadi 1.3, na kuchora mahali pa kutua dhidi ya We. Mchoro utakwenda vizuri kwa mstari laini, kisha mahali fulani utapinda ghafla. Hapo ndipo mvutano umeingia. Tumia sehemu iliyo juu ya mpindo na uendeleze mstari huo kwa hesabu ya kawaida ya kitu kinachoanguka. Ukiwa na matokeo ya 1:40 na 1:15 kwenye karatasi moja, wasomaji wataona wenyewe pale modeli mbili zinapokubaliana na pale zinapoachana.

Na usisahau kuandika ni L ipi uliyotumia. Nimeona mabishano marefu kati ya watu wawili waliokuwa na We tofauti kwa maji yale yale, kumbe mmoja alitumia kina juu ya kizingiti na mwingine unene wa pazia chini. Kwa mafuriko yako kwenye 1:40, pazia linapofika chini lina unene wa milimita 2.2 tu, nyembamba kuliko kijiti chetu, ila kwa sababu linakwenda kwa mita 2.3 kwa sekunde We yake ni karibu 160. Zote mbili ni sahihi. Zinajibu maswali tofauti. Ukiuliza kuhusu kunata, tumia kina cha ukingoni. Ukiuliza kuhusu kupasuka kwa pazia, tumia unene wake. Ukiuliza kuhusu tone, tumia tone, na densiti ya hewa.

Kama bwawa hili ni la zoezi la darasani, haya yanakutosha kumaliza tasnifu. Kama kuna mtu anakusudia kulijenga, na hasa kama kuna nyumba ya pampu, barabara au nguzo za umeme pembeni ambazo manyunyu yanaweza kuzilowesha, matokeo ya modeli ya mezani yasitumike kuamua. Mpelekee michoro mhandisi wa mabwawa aliyesajiliwa kabla saruji haijamwagwa, na umwombe akutane nawe mbele ya modeli yenyewe, si kwenye picha, aone pazia likiachia na kunata kwa macho yake. Nenda na daftari lenye vina vya kuachia na kunata, uzito wa matone 100, na joto la maji la kila siku uliyopima. Mtu mwenye uzoefu ataomba hivyo vitatu kabla hajauliza swali lingine.